Gramu za protini hupatikanaje kutoka kwenye sahani iliyokwisha kuliwa?

Je, mtu akisema tu "jana nilikula wali na maharage", mtaalamu wa lishe anajuaje amepata gramu ngapi za protini? Si kubahatisha tu huko?

Kubahatisha kidogo kumo, ila hakuko pale ambapo wengi hukutafuta. Hofu ya kawaida ni kwamba mhojiwa atasahau alichokula au atadanganya. Kusahau ni tatizo la kweli na limetafutiwa dawa. Lakini makosa yanayovuruga hesabu kuliko yote mara nyingi hutokea mezani, mhojiwa akiwa ameshakwenda zake, pale mtu anapochagua mstari mmoja kwenye jedwali la virutubishi na kuandika uzito mbele yake.

Tuanze na mahojiano, kwa ufupi. Njia inayofuatwa sana ilitengenezwa na Wizara ya Kilimo ya Marekani, na humpitisha mhojiwa kwenye siku ileile mara tano. Kwanza anataja haraka kila kitu alichokula na kunywa tangu jana, bila kukatizwa. Kisha anaulizwa kuhusu vitu vinavyosahaulika kirahisi: vinywaji, vitafunwa, matunda, vitu vitamu. Baada ya hapo anataja saa na tukio la kila mlo, halafu anaeleza kila chakula kwa kina na kiasi chake, na mwisho siku nzima inapitiwa tena. Swali la mhoji mzuri halielekezi jibu. Hasemi "ulikunywa chai asubuhi?" kwa sababu mtu mwenye adabu anaweza kukubali tu. Anasema "baada ya kuamka, kitu gani cha kwanza kiliingia mdomoni?"

Sasa tufike kwenye sahani yenyewe. Tuseme mhojiwa ni mama aliyepika mwenyewe. Mhoji anamwomba alete bakuli alilolia.

"Mama, wali ulifika wapi humu?"

"Hapa, chini ya huu mstari."

Mhoji anajaza maji hadi kwenye mstari, anayamimina kwenye chombo cha kupimia na kusoma mililita 450. Hapa kuna mtego wa kwanza. Mililita 450 za maji zina uzito wa gramu 450, lakini wali una nafasi za hewa kati ya punje. Kikombe cha mililita 240 cha wali mweupe huwa na gramu 160 hivi. Kwa hiyo bakuli lile lilikuwa na wali wa gramu 300 tu. Anayeandika 450 ameshaongeza nusu nzima ya wali ambao haukuliwa.

Maharage yanahitaji uvumilivu zaidi, kwa sababu hayakuliwa peke yake. Mhoji anauliza sufuria nzima ilipikwaje: maharage makavu gramu 500, mafuta gramu 40, vitunguu gramu 150, nyanya gramu 200. Mboga ilipoiva, vyote pamoja na maji vilikuwa na gramu 1,600. Mama alijipakulia upawa mmoja na nusu, na upawa huo ukipimwa kwa mizani, gramu zake ni 160. Alikula gramu 240, yaani asilimia 15 ya sufuria.

Asilimia 15 hiyo ndiyo ufunguo. Tunachukua asilimia 15 ya kila kilichoingia sufuriani: maharage makavu gramu 75, mafuta gramu 6, vitunguu gramu 22 na nusu, nyanya gramu 30. Maji hatuyahesabii virutubishi. Kisha tunafungua jedwali, ambalo huandika virutubishi vilivyomo katika kila gramu 100 za sehemu inayolika. Maharage makavu yana protini gramu 23.6 hivi na kilokalori 333. Gramu 75 zake ni protini gramu 17.7 na kilokalori 250. Mafuta ya kupikia yana kilokalori 884 kwa gramu 100, kwa hiyo gramu 6 zinaongeza 53. Vitunguu na nyanya vinaongeza kilokalori 14 na protini nusu gramu. Jumla ya maharage ni kilokalori 317 na protini gramu 18. Wali uliopikwa una kilokalori 130 na protini gramu 2.7 kwa gramu 100, hivyo gramu 300 zinatoa kilokalori 390 na protini gramu 8. Sahani nzima ni kilokalori 707 na protini gramu 26.

Angalia sasa kinachotokea mkono ukiteleza mstari mmoja. Mwingizaji takwimu anaona "maharage, gramu 240", anatafuta "maharage" kwenye jedwali, na mstari wa kwanza anaokutana nao ni wa maharage makavu, mabichi. Anauchagua. Protini inaruka kutoka 18 hadi karibu 57. Akifanya vivyo hivyo kwa wali, akachukua mchele badala ya wali, protini yake inatoka 8 hadi 21 na kilokalori zinatoka 390 hadi 1,095. Sahani ileile imefika kilokalori karibu 1,900 na protini gramu 78. Mwanamke wa kilo 60 anahitaji protini ya gramu 50 hivi kwa siku kwa kiwango cha usalama cha Shirika la Afya Duniani, gramu 0.83 kwa kila kilo. Mlo mmoja umempitisha mbali, na ripoti itasema hana shida ya protini kabisa.

Tofauti yote hiyo ni maji. Fikiria kitambaa kikavu kilichotumbukizwa ndooni: kikitoka kina uzito mara mbili au tatu, lakini nyuzi ni zilezile, hakuna hata moja iliyoongezeka. Ukikata kipande cha kitambaa kilicholowa na kukipima, sehemu kubwa ya uzito uliousoma ni maji, na nyuzi ni chache kuliko mizani inavyodai. Punje ya harage ndivyo ilivyo. Gramu 100 makavu huwa gramu 270 hivi yakishachemshwa, na protini iliyokuwa kwenye gramu 100 sasa imesambaa kwenye gramu 270. Ndiyo maana jedwali linaonyesha protini gramu 23.6 kwa makavu na 8.7 kwa yaliyochemshwa. Hakuna kilichopotea hapo. Mchele nao huzidi mara 2.8 hivi. Nyama huenda kinyume: jikoni hupoteza maji, kwa hiyo gramu 100 za nyama iliyopikwa zina protini nyingi kuliko gramu 100 za nyama mbichi.

Mtu atauliza: kwa nini basi tusitumie moja kwa moja mstari wa maharage yaliyochemshwa, tuachane na habari za sufuria? Ukijaribu, gramu 240 zinatoa kilokalori 305 na protini gramu 21, si mbali na hesabu yetu. Lakini tazama mafuta. Maharage yaliyochemshwa bila kuungwa yana mafuta gramu 1 na kidogo katika kiasi hicho, wakati mama alikula karibu gramu 7. Jumla ya nishati imekaribiana kwa bahati, huku vilivyomo ndani vikiwa tofauti kabisa. Mafuta ya kuungia ndiyo kitu kinachopotea kirahisi kuliko vyote, kwa sababu hakuna mlaji anayesema "nilikula mafuta".

Kuna marekebisho mengine mawili. Vyakula vyenye maganda, mbegu au mifupa hupunguzwa hadi sehemu inayolika. Ndizi mbivu yenye ganda hubaki na asilimia 64 hivi ya uzito wake. Na ukihesabu kutoka vyakula vibichi, vitamini zinazoharibiwa na moto, hasa vitamini C na folati, huzidishwa kwa kiwango cha kinachobaki baada ya kupika. Madini hayaungui, lakini yanaweza kumwagwa pamoja na maji ya kuchemshia.

Makosa ya aina hii yanagunduliwaje? Panga orodha yote kwa uzito wa kila chakula, kisha kwa nishati ya kila chakula, utazame vya juu kabisa. Maharage makavu gramu 240 yatajitokeza yenyewe: hayo yakipikwa ni zaidi ya gramu 600, na hakuna anayeyala kwa kikao kimoja. Kisha jumla ya nishati ya siku hulinganishwa na nishati ambayo mwili wa mtu huyo hutumia akiwa amelala tu. Wastani wa kundi zima ukikaribia kiwango hicho cha mapumziko, watu wametaja pungufu. Vipimo vya maji yenye atomu zilizotiwa alama, ambavyo hupima nishati inayotumika kweli, vimeonyesha mara nyingi kwamba watu hutaja chini ya walichokula.

Hesabu ikishakuwa safi, bado kuna kosa kubwa la mwisho: kumwambia mama huyu kwamba ana upungufu, au hana, kwa siku moja. Nambari zetu zinaeleza jana yake, na jana si desturi. Utafiti wa Basiotis na wenzake wa 1987, uliotumia watu 29 walioandika ulaji wao mwaka mzima, uliuliza siku ngapi zinahitajika kukadiria vizuri wastani wa mtu mmoja. Kwa nishati jibu lilikuwa wastani wa siku 31. Kwa vitamini A, siku 433. Sababu ni rahisi kuiona: gramu 100 za maini ya ng'ombe zina zaidi ya maikrogramu 5,000 za vitamini A, mahitaji ya siku kadhaa kwa mlo mmoja, na kesho yake mtu huyohuyo anaweza kupata kidogo sana. Watu 29 ni wachache, na idadi hizo hutegemea ulaji wa kundi lenyewe, kwa hiyo zisibebwe kama sheria. Mpangilio wake ndio wa kushika: kirutubishi kilichojaa kwenye vyakula vichache hutikisika zaidi.

Kwa kundi mambo ni mepesi. Siku moja ya watu wengi, ikigawanywa sawa katika siku za juma, inatoa wastani mzuri. Ukitaka asilimia ya watu walio chini ya mahitaji, hiyo siku moja haitoshi, kwa sababu inawatawanya watu kuliko walivyo kweli na kuongeza idadi ya wanaoonekana wamepungukiwa. Hapo sehemu ya kundi huhojiwa siku ya pili, isiyofuatana na ya kwanza, ili tofauti ya siku kwa siku ipimwe na kuondolewa kwa hesabu. Ndipo ulaji hulinganishwa na wastani wa mahitaji, yaani kiasi kinachotosheleza nusu ya watu wa rika hilo. Madini ya chuma kwa wanawake wanaopata hedhi hayafuati njia hiyo ya mkato, maana mahitaji yao yamejikunja upande mmoja: wachache hupoteza damu nyingi sana. Kwao kila kiwango cha ulaji hupewa uwezekano wake wa kutotosha, na uwezekano huo hujumlishwa. Kama ni mama mmoja aliyekaa mbele yako na unashuku upungufu wa chuma, kipimo cha damu ndicho kitakachojibu.