Kodi ya mishahara imelipwa kwenye kodi ya zuio: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mzee mmoja wa Wete, ambaye nimekuwa nikimfanyia hesabu za duka lake la vifaa vya ujenzi, alinipigia simu akiwa ametoka kuomba cheti cha kutodaiwa kodi. Alikitaka kwa ajili ya zabuni. Badala ya cheti akapewa taarifa kwamba anadaiwa kodi ya mishahara ya Juni, shilingi 486,000, pamoja na riba iliyoanza kupanda.

"Mwanangu, mimi nimelipa," aliniambia. "Risiti ninayo mkononi."

Risiti alikuwa nayo kweli. Fedha ziliingia tarehe 5 Julai, siku mbili kabla ya tarehe 7 ambayo ndiyo mwisho wa kulipa kodi ya mishahara ya mwezi uliopita. Ila juu ya risiti ile, penye aina ya kodi, pameandikwa kodi ya zuio, ile anayoikata kwenye pango la mwenye nyumba na kuipeleka Serikalini. Kijana anayemsaidia dukani alikuwa na namba mbili za kumbukumbu ya malipo, akapeleka benki ile isiyo yake.

Kosa hili ni la kawaida kuliko watu wanavyodhani, na linatibika. Linalowachelewesha wengi ni mambo wanayoyaamini kabla hawajafika ofisini.

Dhana: Fedha zimeshaingia Serikalini, basi deni limekwisha.

Namba ya kumbukumbu ya malipo inabeba ndani yake TIN ya mlipaji, aina ya kodi, kipindi na kiasi. Fedha zikishaingia, mfumo unazipeleka kwenye mstari ule ule uliobebwa na namba. Hausomi nia ya mtu. Katika hesabu za Mamlaka ya Mapato Tanzania, kila aina ya kodi na kila kipindi kina mstari wake, na mstari wa kodi ya mishahara ya Juni ulibaki mtupu upande wa malipo. Riba ikahesabiwa juu ya mstari huo bila kutazama kwamba jirani yake umejaa.

Kwa sababu hiyo hiyo, kurudi benki hakusaidii. Benki ilitekeleza namba iliyopewa, na haina mamlaka ya kuhamisha fedha iliyokwisha kuingia kwenye akaunti ya mapato. Itakachokupa ni uthibitisho wa muamala. Huo uombe, maana utauhitaji.

Dhana: Andika barua ya kuhamisha malipo, kazi imekwisha.

Hapa ndipo pa kutulia, kwa sababu wengi wanaoandika barua nzuri kabisa hurudi baada ya muda na kukuta deni limehama kutoka mstari mmoja kwenda mwingine.

Kila mstari una pande mbili. Upande mmoja ni deni, ambalo kwa kawaida linatokana na ritani uliyowasilisha. Upande wa pili ni malipo. Barua ya kuhamisha inagusa upande wa malipo peke yake. Kwa hiyo kabla ya kuandika lolote, jiulize: ile namba niliyolipia kimakosa ilizaliwaje?

Nikamwambia mzee atulie, tukaomba kwanza taarifa ya hesabu ya mlipakodi, inayoonesha mistari yote. Hali ilikuwa hivi. Duka amelipanga kwa shilingi 500,000 kwa mwezi, na kodi ya zuio kwenye pango ni asilimia 10, yaani 50,000. Hizo alikuwa amezilipa sawasawa. Kisha kijana, alipokuwa akitafuta namba ya kulipia kodi ya mishahara, aliingia sehemu ya kodi ya zuio na kuongeza 486,000 kama vile nazo ni za pango. Baadaye aligundua, akawasilisha ritani sahihi ya mishahara na kupata namba sahihi. Namba ya kwanza akaiacha kwenye karatasi ile ile, na ndiyo iliyolipiwa.

Kwa hiyo mstari wa kodi ya zuio wa Juni ulionesha deni la 536,000 na malipo ya 536,000. Salio sifuri, umetulia kabisa. Mstari wa kodi ya mishahara ulionesha deni la 486,000 bila malipo.

Sasa fikiria tungeandika barua tu na ofisi ikakubali. Shilingi 486,000 zingeondoka kwenye zuio zikaingia kwenye mishahara. Mishahara ingekuwa sifuri. Lakini zuio lingebaki na deni la 536,000 dhidi ya malipo ya 50,000, na mzee angeanza kudaiwa 486,000 zile zile kwa jina jingine.

Kwa hiyo tuliomba mambo mawili kwa pamoja: kurekebishwa kwa ritani ya kodi ya zuio kutoka 536,000 hadi 50,000, kwa kuambatisha mkataba wa pango na risiti za malipo ya pango, na kuhamishwa kwa 486,000. Ritani inatangulia, uhamisho unafuata.

Na kuna mtu wa tatu katika jambo hili ambaye ni rahisi kumsahau, naye ni mwenye nyumba. Kodi ya zuio hukatwa kwenye pesa yake, na hati ya zuio ndiyo anayoitumia kupunguza kodi yake ya mapato. Kama hati ilitoka ikisomeka kwamba amekatwa 536,000 wakati amekatwa 50,000, hesabu zake nazo zimeharibika. Tulimfuata nyumbani, tukamweleza, akarudisha hati ile ibatilishwe. Nalitaja hili kwa sababu afisa makini atauliza habari za hati hiyo, na ni haki yake kuuliza.

Kinyume chake pia hutokea: malipo yamekosewa lakini ritani ya kodi sahihi haijawasilishwa kabisa. Hapo hakuna deni la kuhamishia. Wasilisha ritani kwanza.

Barua yenyewe haihitaji urefu. Anayeisoma anataka kuona mistari miwili, kiasi na ushahidi. Yetu, kiini chake kilikuwa hiki:

"YAH: OMBI LA KUHAMISHA MALIPO KUTOKA KODI YA ZUIO KWENDA KODI YA MISHAHARA, JUNI. Tarehe 5 Julai tulilipa shilingi 486,000 kwa namba ya kumbukumbu iliyoambatishwa. Malipo hayo yaliingia katika kodi ya zuio ya Juni, ilhali yalikusudiwa kodi ya mishahara ya mwezi huo huo, ambayo ritani yake imeambatishwa. Tunaomba kiasi chote kihamishiwe kodi ya mishahara kwa kuzingatia tarehe 5 Julai, siku fedha zilipopokelewa, na riba iliyohesabiwa kwenye mstari huo ipitiwe upya. Aidha tunaomba ritani ya kodi ya zuio irekebishwe kuwa shilingi 50,000 kama vielelezo vinavyoonesha."

Juu ya barua weka jina la biashara kama lilivyosajiliwa, TIN na namba ya simu. Iwe na saini ya mmiliki au mkurugenzi, si ya kijana wa dukani. Ambatisha risiti, uthibitisho wa benki, ritani zote mbili na nakala ya taarifa ya hesabu ukiwa umetia alama mistari inayohusika. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na uondoke nayo. Ile sentensi ya tarehe usiiache hata kidogo, kwa sababu fedha ikihamishwa kwa tarehe ya siku ya uhamisho, miezi yote ya katikati itaonekana umechelewa.

Dhana: Andika pingamizi.

Hapana. Pingamizi ni la mtu anayesema kodi aliyotozwa si sahihi. Lina muda wake wa siku 30 na masharti ya kulipa sehemu ya kodi kwanza. Mzee hakukataa kwamba anadaiwa 486,000 za Juni. Alichosema ni kwamba amezilipa na zimekaa pasipo pake.

Dhana: Nitajikata mwenyewe mwezi ujao.

Hii nimeisikia sana: "Si nimelipa zaidi kwenye zuio? Basi miezi ijayo silipi zuio mpaka zimalizike." Kwa mzee wetu hilo lingemchukua karibu miezi kumi, na muda wote huo mstari wa mishahara ukiwa mtupu na riba ikipanda. Zaidi ya hayo, mfumo haukuona malipo ya ziada yoyote, kwa sababu deni la 536,000 lilikuwa limeandikwa. Kila mwezi ambao asingelipa zuio ungekuwa deni jipya.

Dhana: TRA na ZRA ni mapato yote, wahamishiane.

Sisi wa Visiwani hili linatuhusu peke yetu. Kodi ya mapato ni jambo la Muungano, kwa hiyo kodi ya mishahara na zuio huku Unguja na Pemba hukusanywa na TRA. Kodi ya ongezeko la thamani ya ndani, tozo ya hoteli na ushuru wa stempu ni vya Mamlaka ya Mapato Zanzibar. Mwenye uzoefu wa Bara anaweza kuteleza kirahisi, kwani huko kodi ya ongezeko la thamani nayo hulipwa TRA.

Uhamisho wa malipo ni kazi ya ndani ya daftari moja. Ukilipa tozo ya hoteli kwenye mstari wa kodi ya ongezeko la thamani, wote wa ZRA, barua kama ile ya mzee inafaa. Lakini fedha iliyoingia mamlaka moja ikiwa deni ni la nyingine, hizo ni taasisi mbili zenye sheria na daftari tofauti. Pale deni lilipo, lipa upya mapema ili kuzuia riba, na kule fedha zilikoingia, omba kurejeshewa au zitumike kwa deni jingine ulilonalo huko huko. Ni njia ndefu zaidi. Ndiyo maana kabla ya kupeleka fedha benki nasoma maneno mawili kwenye karatasi ya malipo: mamlaka inayopokea, na aina ya kodi.

Dhana: Ofisi ikisema imekubali, rudi nyumbani.

Mzee alipigiwa simu kwamba ombi lake limepita, akafurahi. Nilimwomba tuchukue taarifa mpya ya hesabu. Mstari wa mishahara ulikuwa umefungwa, lakini zuio bado lilionesha deni la 486,000, maana ritani ilikuwa haijarekebishwa. Tulirudi na nakala yetu yenye muhuri, tukaonesha aya ya mwisho ya barua, na safari hiyo afisa alitafuta vielelezo vya pango tukiwa tumekaa mbele yake. Taarifa iliyofuata ilisoma sifuri mistari yote miwili, malipo ya mishahara yakiwa na tarehe 5 Julai, na riba imeondoka. Tukaipiga nakala, tukaiambatisha kwenye ombi jipya la cheti.