Tetea hutaga hata bila jogoo

Kuna ujumbe unaosambazwa usemao: “Bila jogoo kuku hatagi, kwa hiyo mji ukikataza jogoo, usijisumbue kufuga kuku wa mayai uani.”

Si kweli. Tetea akikomaa, kwa kawaida akiwa na miezi 5 hivi au zaidi, hutaga mwenyewe akipata chakula, maji na mwanga wa kutosha. Kazi ya jogoo ni kurutubisha yai ili liweze kuanguliwa. Lisilorutubishwa halitoi kifaranga, lakini kwa kula halina upungufu wowote.

Ukitaka kuhakikisha, vunja yai sahanini utazame kiini. Yai lisilorutubishwa huwa na doa dogo jeupe lisilo na umbo maalumu. Lililorutubishwa huonyesha duara kama pete.

Nadhani watu huchanganyikiwa kwa sababu wamezoea kuona jogoo kila penye kuku, na mayai ya kuatamiwa humhitaji kweli.

Miji mingi hukataza jogoo kwa sababu ya kuwika, huku ikiruhusu matetea wachache, banda likiwa mbali kidogo na jirani. Soma sheria ndogo za mji wako na mkataba wa nyumba. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze.