"Ei" si "kwa kuwa": sentensi za masharti katika Wagalatia

Kila baada ya muda nasikia mhubiri au mwalimu wa Biblia akisimama kwenye neno "ikiwa", kwa Kigiriki "ei", katika waraka wa Paulo na kusema: "Wapendwa, kwa Kigiriki hapa si ikiwa. Hili ni sharti la daraja la kwanza, na maana yake halisi ni kwa kuwa." Waumini huitikia amina, na wengine huandika pembeni mwa Biblia zao. Kanuni hiyo si ya kweli, na anayeifuata kwa uaminifu atamfanya Paulo aikane injili yake kabla ya kumaliza sura mbili za Wagalatia.

Sarufi yenyewe ni fupi. Sentensi ya masharti ina pande mbili. Upande wa sharti wanasarufi huuita protasi, na upande wa matokeo huitwa apodosi. Protasi kwa asili ni kitu kilichonyooshwa mbele, kilichotolewa mbele ya wasikilizaji, na Aristotle alilitumia neno hilo kwa hoja ya mwanzo ambayo hitimisho hujengwa juu yake. Apodosi ni kurudisha, kama mtu anavyorudisha deni. Kwa hiyo msemaji hutoa jambo, kisha huonyesha jambo hilo linadai nini. Kigiriki cha Agano Jipya huonyesha kwa umbo la kitenzi jinsi msemaji anavyolitoa jambo lake. Daraja la kwanza ni "ei" na kitenzi cha kuarifu: tuchukulie ni hivyo. La pili ni "ei" na kitenzi cha kuarifu cha wakati uliopita, na kwa kawaida chembe "an" upande wa matokeo: tuchukulie ni hivyo, ingawa sivyo. La tatu ni "ean", neno jingine la "ikiwa", na dhamira tegemezi: jambo liko wazi, huenda likawa, huenda lisiwe. Lipo pia la nne, lenye dhamira ya kutamani, ambalo limebaki kwa vipandevipande tu, kama katika 1 Petro 3:14. Wagalatia hawana hata moja la namna hiyo, basi tuliache.

Katika Wagalatia 1:8 hadi 10 madaraja yote matatu yanafuatana, mstari kwa mstari. Mstari wa 8 ni "ean": hata kama sisi, au malaika kutoka mbinguni, atawahubiri injili tofauti na ile tuliyowahubiri, na alaaniwe. Mstari wa 9 ni "ei" na kitenzi cha kuarifu: mtu yeyote akiwahubiri injili tofauti na ile mliyoipokea, na alaaniwe. Mstari wa 10 ni daraja la pili kamili, pamoja na "an" yake: kama ningekuwa bado nawapendeza wanadamu, nisingekuwa mtumwa wa Kristo.

Ukiisoma kwa Kigiriki unaona Paulo akisogea. Anaanza mbali, na jambo ambalo hakuna aliyeliona: Paulo mwenyewe akigeuka, malaika akishuka na ujumbe mwingine. Kisha anakuja karibu, kwa watu waliokuwa tayari Galatia wakifundisha. Halafu anajigeukia mwenyewe na kuikataa tuhuma kwamba yeye hutafuta kupendwa na watu. Mstari wa 8 unaangusha pia kanuni ya pili ya mimbarini, ile isemayo kwamba daraja la tatu maana yake ni "jambo linaloelekea kutokea". Paulo hakuwa anamtarajia malaika huyo. "Ean" inaliacha jambo wazi tu, na uwezekano wake, mkubwa au mdogo, tunaupata kwenye habari inayozungumzwa.

Na mstari wa 9? Hapa mhubiri wetu atasema: unaona, "ei", na kweli watu hao walikuwapo! Walikuwapo, ndiyo. Lakini tumejuaje? Tumejua kwa sababu mstari wa 7 umetangulia kusema waziwazi kwamba wapo watu wanaowataabisha Wagalatia na kutaka kuigeuza injili. Mstari wa 7 ndio ushahidi. Neno "ei" peke yake halikutuambia lolote kuhusu kuwapo kwao.

Sasa ichukue kanuni ya "kwa kuwa" uende nayo hadi 2:21. Sharti ni la daraja lilelile, "ei" bila "an" popote. Paulo anasema: ikiwa haki hupatikana kwa njia ya sheria, basi Kristo alikufa bure. Weka "kwa kuwa" hapo. Kwa kuwa haki hupatikana kwa sheria, Kristo alikufa bure! Hilo ndilo jambo ambalo waraka mzima umeandikwa kulipinga. Endelea hadi 5:11, "ei" tena na kitenzi cha wakati uliopo: ndugu zangu, ikiwa mimi bado nahubiri tohara, mbona bado nateswa? Inaonekana kulikuwa na watu waliodai kwamba Paulo naye huhubiri tohara. Analichukua dai lao kama lilivyo, analiweka mbele, kisha anauliza: haya, kama ni hivyo, mateso haya yanatoka wapi? Kanuni ya "kwa kuwa" ingemfanya akiri shtaka lenyewe.

Daraja la kwanza, basi, linamwonyesha msemaji akilichukua jambo kuwa ni kweli kwa ajili ya hoja. Huenda analiamini kwa moyo wote, huenda analikataa kabisa, na huenda hajui. Mwaka 1981 James Boyer, mwalimu wa Kigiriki, alichapisha matokeo ya kuyapitia masharti ya daraja hili katika Agano Jipya lote, kama 300 hivi. Aliona kwamba "kwa kuwa" ingeweza kukaa bila kuharibu maana katika asilimia 37 tu. Asilimia 12 yalikuwa ya jambo lisilo kweli, na yaliyobaki, zaidi kidogo ya nusu, hayakuonyesha upande wowote. Kanuni inayokosea hivyo haifai kuitwa maana halisi ya Kigiriki.

Kosa hili lina historia. A. T. Robertson, katika sarufi yake kubwa ya mwaka 1914, aliliita daraja la kwanza sharti lililoamuliwa kuwa limetimia, na la pili lililoamuliwa kuwa halikutimia. Majina hayo yakaenea vyuoni, na ni rahisi kuona mwanafunzi aliyebanwa na mtihani anavyokariri "limetimia" na kuacha mengine. Robertson mwenyewe alionya palepale kwamba umbo la sharti linahusu namna jambo linavyosemwa, wala si ukweli wa jambo lenyewe. Jina likasafiri, onyo likabaki kitabuni. Ushahidi wa onyo hilo ni rahisi kuupata hata katika daraja la pili: katika Luka 7:39 yule Farisayo anawaza moyoni, "huyu kama angekuwa nabii, angemtambua mwanamke huyu." Ni daraja la pili safi. Farisayo anachukulia kwamba Yesu si nabii, na Luka anataka tuone kwamba amekosea. Umbo limetuonyesha alichodhani Farisayo, na hapo ndipo kazi yake inapokoma.

Swali linalonivutia zaidi ni hili: kama Paulo hakubali kwamba haki huja kwa sheria, kwa nini katika 2:21 hakutumia daraja la pili? Alilijua vizuri. Katika 3:21 analitumia kwa jambo hilohilo: kama ingekuwa imetolewa sheria yenye uwezo wa kuhuisha, hakika haki ingekuwa imetokana na sheria. Sisi tunaosema Kiswahili tunaisikia mara moja, kwa kuwa "-nge-" na "-ngali-" hutuambia wazi kwamba msemaji anachukulia sivyo. Tofauti iko katika anayebebeshwa hoja. Katika 3:21 Paulo anajibu swali aliloliuliza mwenyewe, kama sheria inapingana na ahadi za Mungu. Ameshasema hasha, anaeleza kwa sauti yake, na hana sababu ya kuficha msimamo. Katika 2:21 anafunga habari ya Antiokia, pale alipomkabili Kefa mbele ya wote. Anawaachia wapinzani dai lao likiwa zima, bila kulipunguza kwa "-nge-", kisha anawaonyesha linawapeleka wapi: kwenye msalaba usio na maana. Anayeshika dai hilo ndiye anayelazimika kulilipa. Angetumia daraja la pili, angekuwa amewajibia.

Niseme pia kwamba chembe "an" si alama ya kutegemewa kila mahali. Katika 4:15 Paulo anawakumbusha Wagalatia kwamba kama ingewezekana wangeng'oa macho yao wampe, na hapo "an" haipo katika maandishi yanayofuatwa leo. Bado ni daraja la pili, kwa kuwa hakuna aliyeng'oa jicho. Anayehesabu chembe bila kusoma habari atapotea hapo.

Kigiriki hakikukosa neno la "kwa kuwa". Paulo akilitaka hulitumia, na katika 4:6 amelitumia: "hoti", kwa kuwa ninyi ni wana, Mungu alimtuma Roho wa Mwanawe mioyoni mwetu. Mstari unaofuata anabadilisha, anasema "ei": na ikiwa u mwana, basi u mrithi pia. Uwana ni uleule, na katika mstari huohuo wa 7 ametoka kusema kwamba wewe si mtumwa tena bali mwana, kwa hiyo hana shaka nao. Lakini mara ya kwanza anatoa sababu ya tendo la Mungu, na mara ya pili, akiwa amehama kutoka "ninyi" kwenda "wewe", anamwachia msomaji mmoja mmoja sharti alikubali mwenyewe, ili urithi aufikie kwa hatua zake. Anayebandika "kwa kuwa" katika 4:7 hajasema uongo. Amemnyang'anya msikilizaji hatua aliyoachiwa na Paulo.

Kwa hiyo, ndugu mwalimu, ukifika 5:25, "ikiwa twaishi kwa Roho, na tuenende kwa Roho," iache "ikiwa" mahali pake. Ukitaka kuwahakikishia watu kwamba Paulo anawahesabu kuwa wanaishi kwa Roho, wapeleke 3:2 hadi 5, anapowauliza walimpokeaje huyo Roho. Uthibitisho uko huko.