Hati ya Kiapo ya Undugu: Inathibitisha Nini, na Inakomea Wapi

Hati ya kiapo ya undugu, ambayo wengi wetu pwani tunaiita afidaviti, ni maelezo ya maandishi ambayo mtu huyatoa kwa kiapo mbele ya kamishna wa viapo au hakimu, akisema kwamba fulani ni mzazi, mtoto au ndugu wa fulani, na akisema pia amejuaje. Sehemu hiyo ya pili ndiyo husahaulika mara nyingi, ilhali familia inapotuma ombi la kumchukua jamaa yake ng'ambo, afisa wa viza huisoma kwa makini kuliko nyingine. Kusema tu kwamba Bi Fatma ni mama wa binti aliyeko Marekani ni dai. Kusema kwamba ulikuwa chumbani siku alipomzaa ni ushahidi.

Ieleweke mapema kwamba kiapo hakichukui nafasi ya cheti cha kuzaliwa. Idara ya uhamiaji ya Marekani, kwa mfano, hutaka kwanza cheti. Ikithibitika kwamba cheti hakipo wala hakiwezi kupatikana, hutaka ushahidi mwingine wa maandishi, kama vile rekodi za shule au za dini. Huo nao ukikosekana, ndipo hutaka viapo vya watu wawili au zaidi ambao si wahusika wa ombi na wanalijua jambo lenyewe kwa macho yao. Lakini huku kwetu, Lamu na Malindi, cheti kwa kawaida kipo. Taabu ni kwamba kilichoandikwa humo hakilingani na kitambulisho, na hapo kazi ya kiapo ni kukieleza cheti.

Tuchukue mfano wa binti aliyezaliwa nyumbani, mtaa wa Langoni, mwaka 1986. Amekuwa raia wa Marekani na ametuma ombi la kumchukua mamake. Cheti chake cha kuzaliwa kilitolewa mwaka 2003, na jina la mama limeandikwa Fatuma Athman. Kitambulisho na pasipoti ya mama vinasema Fatma Othman Ali. Kwetu hakuna anayeshangaa, kwa kuwa Athman na Othman ni jina moja katika ndimi mbili, na Ali ni babu aliyeongezwa pale karani alipotaka majina matatu. Kwa afisa aliyeko ng'ambo, hao ni wanawake wawili. Tena cheti kimetolewa miaka 17 baada ya uzazi, kwa hiyo atauliza kiliandikwa kwa kutegemea nini.

Jambo la kwanza ambalo familia hufanya ni kumpeleka mama mwenyewe akaape kwamba majina yote mawili ni yake. Hilo si kosa, na kiapo hicho kiwemo, lakini peke yake ni dhaifu, kwa sababu anayeapa ndiye anayetaka viza. Wengine huambiwa wabadilishe jina kwa hati ya kubadili jina, na hapo huharibu zaidi, maana hati hiyo husema kwamba mtu ameliacha jina moja na kuchukua jingine, ilhali mama huyu hakuwahi kuacha chochote. Kinachohitajika ni mtu wa tatu mwenye ujuzi wake mwenyewe, na hapa yupo: dada mkubwa wa mama. Maneno yake, yakiandikwa sawasawa, yatakuwa hivi:

«Mimi ni dada wa Fatma Othman Ali, baba mmoja mama mmoja. Nilizaliwa mwaka 1967. Mwaka 1986 nilikuwa na miaka 19, nikiishi naye nyumba moja Langoni. Nilikuwepo alipojifungua binti yake wa kwanza, nami ndiye niliyempa mkunga maji ya moto. Mkunga huyo sasa ni marehemu. Baba yetu aliitwa Athman na pia Othman. Katika kitambulisho changu jina lake ni Athman, katika cha mdogo wangu ni Othman.»

Tazama jinsi sentensi ya mwisho inavyofanya kazi. Kitambulisho cha dada, ambacho hakikutengenezwa kwa ajili ya ombi hili, kinabeba tahajia ileile iliyo kwenye cheti cha binti. Nakala yake inaambatishwa, kisha kamishna anaitia alama na muhuri ili isomeke pamoja na kiapo. Mwaka wa kuzaliwa nao hautajwi kwa mapambo: shahidi aliyekuwa na miaka mitatu wakati wa tukio hawezi kusema aliliona. Kwa upande wa cheti kilichochelewa, familia itafute karatasi za zamani zaidi, kama kadi ya kliniki au rekodi ya shule ya msingi yenye jina la mzazi, kwa kuwa karatasi ya mwaka 1993 ina uzito ambao kiapo cha leo hakina.

Kisha kuna neno lenyewe, ndugu. Lugha yetu ni karimu: mtoto wa ami ni ndugu, mama mdogo ni mama, na mpwa uliyemlea ni mwanao. Sheria za uhamiaji hazina ukarimu huo. Marekani, ndugu anayeweza kuombewa na raia ni yule mnayeshiriki naye angalau mzazi mmoja. Mtoto wa ami hamo. Nimeona hati ambamo mzee alisema «ndugu yangu» kwa nia safi kabisa, mwandishi akaliandika kwa Kiingereza kama ndugu wa tumbo moja, na vyeti vilipowekwa pamoja vikaonyesha wazazi wanne tofauti. Mzee hakusema uongo kwa Kiswahili, lakini karatasi iliyotiwa saini ilikuwa ya uongo, na kuapa uongo ni kosa la jinai Kenya. Kwa hiyo usiliache neno ndugu peke yake. Andika wa baba mmoja mama mbalimbali, au mtoto wa dada yangu niliyemlea tangu mwaka fulani, hata kama ukweli huo unaonekana kulipunguza ombi.

Kwa sababu hiyohiyo, asiyesoma Kiingereza asomewe hati yote kwa Kiswahili kabla ya kutia saini au dole gumba, na kamishna aandike chini kwamba alisomewa, akafasiriwa na akaonekana kuelewa. Hati ikiandikwa kwa Kiswahili, itahitaji tafsiri kamili ya Kiingereza yenye uthibitisho wa mfasiri kwamba anaziweza lugha zote mbili.

Sheria ya viapo ya Kenya inataka kamishna aandike mahali na tarehe ya kiapo, na wakili anayelishughulikia ombi lenyewe hapaswi kuwa ndiye kamishna. Mazoea ya kutia saini nyumbani na kumpa kijana apeleke karatasi zikapigwe muhuri ndiyo yanayoangusha hati nyingi: muhuri unasema Mombasa, na siku hiyohiyo mwenye kuapa alikuwa kitandani Lamu. Aende mwenyewe, na kitambulisho mkononi.

Afisa akibaki na shaka baada ya yote hayo, anaweza kupendekeza kipimo cha vinasaba kati ya mama na binti, kupitia maabara inayokubaliwa na ubalozi. Na mama atakapoitwa Nairobi kwa mahojiano, awe ameisoma tena nakala ya kiapo cha dada yake, kwa kuwa anaweza kuulizwa mambo yaleyale: nani alikuwepo chumbani, mkunga alikuwa nani, na kwa nini babake ana majina mawili.