Bei Mbili za Dalali wa Foreksi

"Mbona nikinunua tu, akaunti inaanza na hasara? Dalali ameniibia?"

Hapana, hasara hiyo ni tofauti ya bei mbili zilizokuwa wazi kwenye skrini kabla hujabofya. Chukua jozi ya EUR/USD, ambamo euro moja hupimwa kwa dola za Marekani, ikiwa 1.1000 na 1.1002: unanunua kwa bei ya juu, na ukiuza papo hapo unapokea ya chini, kama ilivyo kwenye duka la kubadilishia fedha. Pengo hilo ni pipsi 2, kwa kuwa katika jozi hii pipsi moja ni 0.0001. Ukinunua loti 0.1, yaani euro 10,000, kila pipsi ni dola 1, hivyo unaanza na hasara ya dola 2.

Linalostahili kuangaliwa zaidi ni kwamba chati ya MetaTrader, programu ya kufanyia biashara ya foreksi, kwa kawaida huchora bei ya chini pekee, ilhali aliyeanza kwa kuuza hufungiwa biashara kwa bei ya juu. Ndiyo maana kikomo chake cha hasara huweza kuguswa ingawa chati haikukifikia, hasa pengo linapopanuka wakati wa habari kubwa za uchumi.