Dijkstra: ukaribu wa mji unapimwa kutoka ulikoanzia

Ile njia ya kutafuta barabara fupi ambayo mwanasayansi wa kompyuta Dijkstra aliifikiria 1956 akaichapisha 1959, wengi wakiiandika mara ya kwanza wanakosea sehemu moja tu: wanachagua mji ulio karibu na pale walipo sasa hivi. Sio hivyo jamani. Unachagua mji ambao bado haujafungwa, yaani jumla yake bado haijathibitishwa kuwa ya mwisho, na ambao jumla ya kilomita zake kutoka mwanzo ndiyo ndogo kuliko zote, hata kama uko upande mwingine kabisa wa ramani.

Tuchukue miji mitano, tunatoka A tunaenda D. A hadi B ni 4, A hadi C ni 3, C hadi E ni 2, C hadi D ni 10, E hadi D ni 9, B hadi D ni 5.

Tunaanza, B ina 4, C ina 3, basi tunaifunga C. Kupitia C tunaipata E kwa 5 na D kwa 13. Sasa hapa ndo patamu, tuko C na E iko kilomita 2 tu mbele, mkono unakuwasha uende huko, ila jumla ya E ni 5 na B bado inasubiri na 4 yake, kwa hiyo inayofungwa ni B. Kupitia B, D inashuka kutoka 13 hadi 9. Halafu tunafunga E, yenyewe inatoa 14 kwa D, haisaidii, tunaiacha. Mwisho D inafungwa na 9, njia ni A, B, D.

Aliyekuwa anarukia tu mji wa jirani angepita A, C, E, D akala kilomita 14. Na aliyesimama pale D ilipoonekana kwa mara ya kwanza angeondoka na 13. Kuonekana sio kufika, unasimama mji unapofungwa.

Kwa nini ukishafunga hurudi nyuma? Kwa sababu njia nyingine yoyote ya kufika pale lazima ipite kwanza mji ambao haujafungwa, na miji hiyo yote tayari ina jumla sawa au kubwa zaidi, ukiongeza barabara juu yake inazidi tu.

Ukitumia `heapq` ya Python, foleni inayotoa namba ndogo kwanza, ile 13 ya D inabaki kwenye foleni hata baada ya 9 kuingia, so ukiitoa iruke:

```python
d, mji = heapq.heappop(foleni)
if d > umbali[mji]:
    continue
```

Ila yote haya yanasimama kama hakuna namba hasi. Kilomita haziwi hasi, sawa, lakini ukipima chaji ya gari la umeme, mteremko unaweza kurudisha chaji kwenye betri. Weka barabara ya kutoka B kwenda C yenye -2: C tuliifunga na 3, kumbe kupitia B ingekuwa 2, na kwa kuwa imeshafungwa hatuirudii tena. Jibu la C linatoka kimyakimya likiwa na kosa, hamna error yoyote kwenye skrini. Kwenye ramani ya hivyo tumia Bellman-Ford, njia nyingine ya kutafuta barabara fupi, ni ya polepole zaidi ila namba hasi inazimudu, mradi tu kusiwe na mzunguko ambao jumla yake ni hasi.