Kuomba namba ya RMA: tunachokosea wenye maduka ya sola

Duka letu la Dodoma liliagiza inveta 24 za wati 1000 kwa msambazaji wa Dar es Salaam. Baada ya wiki tatu, saba zilikuwa zimerundikwa kwenye kona, na kijana wa dukani ameshaandika kwenye kila moja kwa maka peni: MBOVU. Nusura tuzipakie kwenye basi zikiwa hivyo hivyo.

Dhana: Mzigo ukiwa mbovu, tuma kwanza, namba itafuata.

Namba ya RMA ni idhini ya kurudisha mzigo, na hutolewa kabla mzigo haujaondoka kwako. Ghala la msambazaji hupokea katoni nyingi kwa siku. Isiyo na namba haijulikani ni ya nani wala ni ya ankara ipi. Ama hukataliwa mlangoni, ama husukumwa pembeni. Nauli umeshalipa, na huna karatasi inayoonyesha walipokea nini.

Dhana: Ukisema "inveta saba mbovu", ameelewa.

Hapa ndipo madai mengi yanapofia. Zile saba hazikuwa na tatizo moja. Mbili zilikuwa nzima kabisa, ila ni za volti 24 wakati sisi tuliagiza za volti 12. Moja ilikuwa na kasha lililopasuka. Nne zilikuwa zinajizima zikibebeshwa mzigo wa umeme. Kwa msambazaji hizo ni njia tatu tofauti. Kosa la kuleta bidhaa siyo ni lake yeye. Kasha kupasuka kunazua swali la nani alikuwa ameshika mzigo ulipogongwa. Kujizima ni suala la waranti, nalo huamuliwa na fundi wake baada ya kupima.

Na fundi wake akipima asione ubovu, inveta inarudi kwako kwa nauli yako. Kwa hiyo tulipima kwanza. Inveta ya volti 12 ikibeba wati 500 inavuta zaidi ya ampea 40 kutoka kwenye betri. Moja ya zile nne, mteja alikuwa ameiunga kwa waya wa nyumba wa milimita 2.5, urefu wa mita tatu. Mita ilisoma volti 12.1 kwenye betri, lakini kwenye vituo vya inveta, pale waya wa betri unapofungwa, ikasoma 10.2. Inveta nyingi za aina hii hujizima volti zikishuka kufikia kama 10.5, ili kuilinda betri. Ilikuwa inafanya kazi yake. Mgonjwa alikuwa waya. Zile nne zikabaki tatu, na barua ikawa hivi:

> Habari za kazi. Naomba namba ya RMA kwa inveta 6 kati ya 24 za ankara yenu Na. 0418 ya tarehe 3 Machi.
>
> Inveta 2 ni za volti 24, tuliagiza za volti 12. Hazijatumika. Naomba kubadilishiwa.
>
> Inveta 1 kasha limepasuka. Katoni ilifika imebonyea, tukaandika hivyo kwenye hati ya kupokelea mzigo siku ile ile. Picha 3 zimeambatanishwa. Naomba kubadilishiwa.
>
> Inveta 3 zinajizima ndani ya dakika 2 zikibeba wati 500, huku vituo vya inveta vikisoma volti 12.0. Tumejaribu kwa betri mbili. Naomba zitengenezwe au zibadilishwe chini ya waranti.
>
> Namba za siriali za zote sita, kwa mafungu hayo, ziko hapa chini.

Namba za siriali zinakiliwe kutoka kwenye kibandiko cha inveta yenyewe, siyo kwenye boksi. Dukani maboksi hubadilishana, hasa baada ya mteja kuonyeshwa mbili tatu.

Dhana: Ukishapewa namba, pesa yako imerudi.

Namba inauruhusu mzigo kuingia ukaguliwe, basi. Deni lako halipungui mpaka upate krediti noti, au bidhaa nyingine mkononi. Mhasibu wetu aliwahi kukata thamani ya mzigo siku namba ilipofika, akalipa pungufu, na oda iliyofuata ikazuiwa wiki nzima. Sikumlaumu sana, hata mimi nilidhani hivyo.

Dhana: Ukiwa na namba, unaweza kuchomeka na kingine humo humo.

Namba ni ya vilivyoorodheshwa tu. Ukiweka cha saba, hesabu ya mpokeaji haikubali na mzigo wote unasimama. Iandike kwa herufi kubwa nje ya katoni ya kusafirishia, wala usichore kwenye boksi la bidhaa, maana boksi lililochorwa haliuziki tena na zile mbili nzima zinaweza kukataliwa kwa hilo tu. Ndani weka nakala ya barua. Angalia pia tarehe ya mwisho waliyoandika kwenye jibu lao; ikipita, unaomba namba upya.

Inveta ya saba ilirudi kwa mwenyewe na waya mnene wa mita moja. Ile MBOVU ya maka peni tuliifuta kwa spiriti.